Kijana amenuna tu, au anaumwa? Mwongozo wa mzazi kuhusu sonona na wasiwasi

Nyumba moja, watoto wawili. Wa kiume ana miaka 17, yuko kidato cha nne shule ya kutwa. Siku za likizo anaamka saa tano asubuhi, ukimsalimia anajibu kwa mkato, mlango wa chumba chake haufungwi bila kubamizwa, na wiki iliyopita alimwambia baba yake "hamnielewi" akatoka bila kuaga. Mdogo wake wa kike ana miaka 15, yuko kidato cha pili shule ya bweni, amerudi likizo ya Juni. Huyu hana kelele. Anaosha vyombo bila kuambiwa, hatoki, haombi hela ya vocha, jioni anaingia kulala mapema. Baba mkubwa aliitwa kutoka Kilosa aje kumsema kijana. Binti akasifiwa mbele ya wageni kwamba ametulia, amekua.

Anayeumwa ni binti.

Mfano huu nimeuunga kwa mambo yanayojirudia kwenye familia nyingi, na nitautumia hadi mwisho, kwa sababu wazazi wengi hupima hali ya kijana kwa kiasi anachowasumbua wao. Kipimo hicho humkosa mgonjwa mkimya, na humfanya mgonjwa kijana ambaye anabalehe tu. Zipo hatua zinazoweza kukusaidia kuona vizuri zaidi, na nyingi unaweza kuanza nazo leo ukiwa na daftari na kalamu.

Hatua ya kwanza: jiulize alikuwaje miezi mitatu iliyopita

Usianze na alivyo leo. Anza na alivyokuwa. Andika vitu vinne kwa kumbukumbu yako: alikuwa analalaje, anakulaje, anakaa na nani, na ni kitu gani alikuwa anakifanya kwa hiari yake bila kusukumwa. Hicho cha mwisho ndicho chenye thamani kuliko vyote. Wa kiume katika mfano wetu alikuwa anapenda mpira, na bado kila saa kumi na moja jioni yuko uwanjani, huku wenzake wakimpigia mluzi nje ya geti. Binti alikuwa anasuka. Alisuka wadogo zake, majirani, hata mwanasesere wa mtoto wa shangazi yake. Likizo hii nywele zake mwenyewe zimekaa wiki mbili bila kuguswa, na jirani alipomwomba amsuke mtoto kwa ajili ya Sikukuu alisema mikono inamuuma.

Kisha andika kila siku kwa wiki mbili, mistari miwili mitatu tu. Wiki mbili hazikuchaguliwa hivi hivi. Ndio muda ambao madaktari hutumia kutenganisha siku mbaya na sonona: hali iwepo karibu siku nzima, karibu kila siku, kwa muda usiopungua wiki mbili, na iwe imevuruga maisha yake ya nyumbani, shuleni au na marafiki. Daftari hukusaidia kwa sababu kumbukumbu ya mzazi ina upendeleo. Tunakumbuka ugomvi, tunasahau siku tulivu, na kwa mtoto mkimya hatukumbuki chochote.

Ukimaliza wiki mbili, soma ulichoandika ukitafuta mambo matatu. Kwanza, je, hali inapanda na kushuka? Kununa kwa kawaida kuna sababu unayoweza kuitaja, kama simu iliyochukuliwa au rafiki aliyemsema, na huisha kwa saa kadhaa au siku chache. Pili, je, iko mahali pamoja au kila mahali? Kijana anayekuwa mkali nyumbani lakini anacheka na wenzake mpaka machozi yanamtoka, mara nyingi anapigania nafasi yake ya utu uzima. Mgonjwa hupoa hata kwa rafiki. Tatu, ni nini kimeacha kufanyika? Hasira ni jambo lililoongezeka. Mara nyingi sonona unaiona kwa yale yaliyopungua.

Kuhusu usingizi niseme kidogo, maana hapa ndipo ugomvi mwingi wa nyumbani unapoanzia. Mwili wa kijana anayebalehe huchelewa kusikia usingizi, wakati mwingine kwa saa mbili nzima kulinganisha na alipokuwa mtoto, na bado unahitaji saa 8 hadi 10. Kwa hiyo kijana anayekesha hadi saa sita usiku na kuamka saa tano siku za likizo si mvivu wala si mgonjwa. Kinachotakiwa kukushtua ni usingizi uliobadilika bila kumpumzisha: anayelala saa tatu usiku akaamka saa tisa na kukodoa macho hadi alfajiri, au anayelala kwa muda wa saa 12 na bado anaamka kama aliyebebeshwa gunia.

Kuna kosa jingine linalofanyika sana, la kutafuta machozi. Sonona ya kijana inaweza kuja kama huzuni, lakini mara nyingi huja kama hasira ya haraka, kila kitu kinamkera, hadi sauti ya kijiko kwenye sahani. Kwa hiyo ukali peke yake haukwambii kitu. Ukali pamoja na kuacha mpira, kuacha kula na alama zilizoshuka, huo unakwambia.

Hatua ya pili: tenganisha sonona na wasiwasi

Vyote viwili hukaa pamoja mara nyingi, na kwa vijana wengi wasiwasi ndio unaotangulia. Lakini haviendi kwa mtindo mmoja, na namna ya kumsaidia inatofautiana, kwa hiyo inafaa ujue unachotazama.

Wasiwasi hutazama mbele. Kijana anaishi kwenye "je, ikiwa": je, mwalimu akiniita, je, mama akifa nikiwa shule, je, nikifeli. Mwili wake uko tayari kukimbia, kwa hiyo tumbo linakata, moyo unadunda, anaenda chooni mara kwa mara, viganja vina jasho. Na anakwepa. Ukitaka kuujua wasiwasi, usiulize anaogopa nini, kwa sababu wengi hawawezi kusema. Tazama anakwepa nini. Tumbo linalouma Jumapili jioni na Jumatatu alfajiri, likapona saa nne baada ya gari la shule kuondoka, limeshakueleza mengi. Na usidhani anaigiza. Maumivu ni ya kweli, hofu inayaleta kwenye misuli ya tumbo ileile.

Sonona haina "je, ikiwa". Kwake mambo yameshaharibika: mimi sifai, hakuna maana, nimechoka. Mwenye wasiwasi anatamani kwenda kwenye sherehe ila anaogopa. Mwenye sonona hata kuitamani haitamani.

Binti wetu ana vyote, na ukirudi nyuma unaona vilivyofuatana. Shule ya msingi alisoma kwa Kiswahili na alikuwa miongoni mwa watatu wa kwanza darasani. Kidato cha kwanza masomo yakageuka kuwa Kiingereza. Wiki za mwanzo alisimamishwa kusoma aya, akakwama kwenye neno, darasa likacheka. Baada ya hapo akawa anakaa nyuma, anaomba ruhusa ya kwenda zahanati ya shule kila penye kipindi cha kusoma kwa sauti. Huo ulikuwa wasiwasi, na kila alipokwepa alipata nafuu ya dakika chache iliyomfundisha kukwepa tena. Mwaka ukapita. Alama zikashuka, akaanza kujiona mjinga, wenzake wakamzoea kama mtu asiyeongea. Kufikia kidato cha pili, na mtihani wa taifa wa Novemba ukiwa mbele, alishaacha hata kuogopa, akawa hajali tena. Kwa nje ikaonekana utulivu.

Kuna sura moja ya wasiwasi ambayo huwatisha wazazi kuliko zote: kijana ghafla anahema kwa kasi, kifua kinabana, vidole vinakufa ganzi na kujikunja, anasema anakufa. Wengine hukimbilia kusema ni moyo, wengine ni mapepo. Ikiwa inapanda hadi kilele ndani ya dakika chache na kushuka yenyewe kabla ya nusu saa kuisha, na daktari ameshampima akakuta moyo na kifua ni vizima, huenda ni shambulio la hofu. Kaa naye, ongea polepole, mwambie apumue ndani kwa kuhesabu hadi tatu na atoe pumzi kwa kuhesabu hadi sita. Usimzunguke na watu kumi wakimpepea.

Hatua ya tatu: apimwe mwili, lakini msikwame hapo

Huku kwetu mwili ndio unaotangulia kwenda hospitali. Binti wetu, kabla ya mtu yeyote kutaja afya ya akili, alitibiwa taifodi mara tatu, yutiai mara mbili, na vidonda vya tumbo mara moja, yote ndani ya miezi kumi. Kila mara alipewa antibayotiki, kila mara akapata nafuu ya siku chache za kubembelezwa, kisha kichwa na tumbo vikarudi.

Kumpima ni sahihi. Upungufu wa damu huchosha na kuondoa umakini, hasa kwa msichana anayetoka hedhi nyingi. Tezi ya shingo isipofanya kazi vizuri hufanana na sonona au na wasiwasi, kutegemea inapungukiwa au inazidi. Malaria, mimba, bangi na pombe navyo viulizwe bila kuona haya. Kwa hiyo mwombe daktari picha kamili ya damu na, kama kuna dalili, kipimo cha tezi. Taifodi nayo ina tatizo lake: kipimo cha Widal kinachotumika sana kinaweza kuonyesha chanya kwa mtu ambaye haumwi taifodi leo, kwa sababu aliwahi kuugua au kuchanjwa, au kwa sababu ya maambukizi mengine. Mtoto asiye na homa, anayetibiwa taifodi kwa mara ya tatu, anahitaji swali jipya kabla ya dozi nyingine.

Vipimo vya msingi vikirudi vizuri na maumivu yakaendelea, acheni kuzunguka maabara. Sema wazi mbele ya daktari: "Pia halali vizuri, ameacha vitu alivyopenda, na hali hii ina wiki sita." Kama hukusema, kwenye foleni ya watu sitini hataulizwa.

Hatua ya nne: zungumza naye

Kumwita kijana sebuleni, baba upande huu na mama upande ule, ukamuuliza "una matatizo gani?", ni kumfungulia kesi. Atasema "sina kitu" na mtakuwa mmefunga mlango. Vijana huongea zaidi mikono ikiwa na kazi na macho yakiwa pembeni: mkichambua mchele, mkitembea kwenda dukani, kwenye gari, gizani umeme ukikatika. Ongea kuhusu ulichokiona, bila kuhukumu kilicho ndani yake. "Mwanangu, nimeona siku hizi husuki tena, na saa tisa usiku nasikia unageukageuka kitandani. Sikusemi. Nataka kujua mwenzangu unapitia nini." Kisha nyamaza. Ukimya wa dakika moja ni mrefu sana kwa mzazi, lakini ndio anaoutumia kuamua kama akuamini.

Sentensi zinazoziba midomo tunazijua kwa sababu tulikua nazo: sisi enzi zetu tulitembea kilomita kumi, wewe umekosa nini, wenzako hawana hata hiyo, sali yatapita. Sala ina nafasi yake na wengi inawashika mkono, lakini ikitumika kufunga mazungumzo, kijana anasikia kwamba hata Mungu amechoka naye.

Kama hawezi kuongea na wewe, usilazimishe na usione wivu. Mtafute anayeweza: shangazi, mama mdogo, bibi, mjomba, kwa familia za pwani hata somo wake. Baba mmoja wa rika langu hupenda kusema mtoto wake hana siri kwake. Sijawahi kumjibu. Ila mtu utakayemtuma mwambie mapema kwamba kazi yake ni kusikiliza, na kwamba siri itatunzwa isipokuwa moja, ile ya hatua inayofuata.

Hatua ya tano: uliza kuhusu kifo, kwa maneno yake

Hapa wazazi wengi hurudi nyuma wakihofia kumpa mtoto wazo ambalo hakuwa nalo. Hofu hiyo haina msingi. Kuuliza kwa utulivu hakupandi wazo, na kwa aliyekuwa nalo huwa ni mara ya kwanza kulitua. Uliza kwa kupanda ngazi. "Kuna wakati unaona bora usiwepo?" Akikubali: "Umewahi kuwaza kujidhuru au kujiua?" Akikubali tena: "Umewaza kwa njia gani? Lini?" Usishtuke usoni, usilie kwanza, usimtajie dhambi. Mwambie umeshukuru amekwambia.

Kutamani asiwepo ni kilio kinachotaka miadi ndani ya siku chache. Kuwaza kujiua bila mpango kunataka aonwe leo au kesho. Mwenye mpango, au njia, au siku aliyoipanga, au aliyewahi kujaribu, asiachwe peke yake hata bafuni, na aende hospitali siku hiyohiyo. Mwingine wa siku hiyohiyo ni anayesikia sauti ambazo wengine hawazisikii, au aliyekaa siku kadhaa bila kulala huku ana nguvu na mipango ya ajabu, kwa sababu hiyo si sonona ya kawaida na matibabu yake ni mengine. Ishara nyingine inayodanganya watu ni utulivu wa ghafla: kijana aliyezama wiki kadhaa anaamka mchangamfu bila sababu, anagawa nguo zake, anaomba radhi kwa watu.

Usiku huohuo, kabla ya hospitali na kabla ya mshauri, safisha nyumba. Dawa ya panya, dawa ya kunyunyizia mazao, dawa ya kuogesha mifugo, na vidonge vyote pamoja na vile vya presha vya bibi, vitoke ndani au vifungwe mahali ambapo ufunguo uko shingoni mwako. Hili lina uzito kuliko ushauri wote. Msukumo wa kujiua kwa kijana mara nyingi hupanda na kushuka kwa muda mfupi, na njia ikiwa mbali, muda huo hupita.

Ikitokea ameshakunywa kitu, usimpe maziwa, usimpe mafuta, usimtapishe. Chukua chupa au pakiti ya alichokunywa, kimbia hospitali. Wapo wanaochelewa kwa kuogopa polisi. Kenya, Mahakama Kuu ilitamka Januari 2025 kwamba kifungu cha 226 cha kanuni ya adhabu, kilichofanya jaribio la kujiua kuwa kosa, kinakwenda kinyume na katiba. Popote ulipo, mgonjwa aanze kuhudumiwa, fomu ya polisi itafuatwa na ndugu mwingine.

Namba ya bure ya 116 ni ya simu za kuwasaidia watoto, Tanzania na Kenya. Mtoto anaweza kuipiga mwenyewe na mzazi pia.

Hatua ya sita: kliniki, na kinachofanyika huko

Uliza kliniki ya afya ya akili kwenye hospitali ya rufaa ya mkoa au ya kaunti. Si lazima uanzie Mirembe, Muhimbili au Mathari; majina hayo ndiyo yanayowafanya wazazi wasite, na kesi nyingi za vijana humalizwa bila kulazwa. Beba daftari lako la wiki mbili.

Huenda akapewa fomu ya PHQ-9. Ni maswali tisa kuhusu wiki mbili zilizopita, kila moja likiwa na majibu manne: hapana kabisa ni 0, siku kadhaa ni 1, zaidi ya nusu ya siku ni 2, karibu kila siku ni 3. Binti wetu alijibu hivi: kukosa hamu ya kufanya mambo 3, huzuni 2, usingizi 3, uchovu 3, chakula 2, kujiona hafai 2, umakini 2, kuwa mzito au kutotulia 0, kuwaza bora afe 1. Jumla 18 kati ya 27. Kuanzia 10 huhesabika sonona inayohitaji kufuatiliwa, na 15 hadi 19 iko karibu na kali. Lakini mhudumu mzuri hatazami jumla kwanza, anatazama swali la tisa. Ile 1 ndogo ilimfanya mshauri amtoe mama nje kwa dakika ishirini, na mama asikwazike. Kijana anahitaji muda wa peke yake na mhudumu. Fomu haitoi hukumu, inaonyesha pa kuchimba. Kwa wasiwasi iko ya maswali saba, GAD-7, nayo huhesabiwa kwa mtindo uleule.

Tiba ya kwanza kwa kijana ni mazungumzo yenye mpango maalumu, si nasaha. Kwa binti wetu ilikuwa na sehemu mbili. Ya kwanza ilimrudisha kwenye shughuli bila kusubiri hamu irudi, kwa sababu kwa mgonjwa wa sonona hamu hufuata kitendo: kusuka nywele za mdogo wake Jumanne na Ijumaa, mistari minne tu ikitosha, na kutembea hadi kwa shangazi jioni. Ya pili ilishughulika na kukwepa. Walipanga ngazi: asome aya moja ya Kiingereza mbele ya mama, kisha mbele ya binamu, kisha kwa mwalimu mmoja ofisini, kisha kwenye kikundi cha watu watano, mwisho darasani. Kila ngazi inarudiwa hadi hofu ishuke akiwa palepale. Akitoka hofu ikiwa juu, amejifunza tena kukimbia. Akirukishwa ngazi, vivyo hivyo. Mzazi anayemwambia mtoto mwenye wasiwasi "basi usiende leo" anamhurumia kwa siku moja na kumwongezea mwezi.

Washauri ni wachache, lakini si lazima kila mara awe mtaalamu mkubwa. Nchini Kenya mpango wa Shamiri ulijaribiwa kwa wanafunzi wa sekondari: vikao vinne vya saa moja, mara moja kwa wiki, vikiongozwa na vijana waliomaliza sekondari karibuni wakapewa mafunzo. Matokeo yaliyochapishwa 2021 yalionyesha dalili za sonona na wasiwasi zikipungua zaidi ya kwa wenzao waliofundishwa mbinu za kusoma. Uliza kama shule ya mwanao ina kitu cha aina hiyo.

Dawa huingia pale ambapo hali ni nzito au mazungumzo hayakutosha. Kwa vijana inayoanza ni fluoksetini, ikiandikwa na daktari anayejua kazi hiyo. Inachukua wiki nne hadi sita kuonyesha kazi, na wiki za mwanzo baadhi ya vijana huhangaika au mawazo ya kujidhuru huongezeka, kwa hiyo mtazame kwa karibu na urudi kliniki wiki ya kwanza au ya pili, usisubiri mwezi. Vidonge avitunze mzazi. Akipata nafuu asiache ghafla. Kwa kawaida dawa huendelea angalau miezi sita baada ya nafuu, kisha hupunguzwa taratibu. Vidonge vya usingizi vya duka la dawa, aina ya diazepamu, haviitibu sonona na vinazoeleka haraka. Na amitriptilini iliyobaki ya mjomba isiguswe kabisa: kwa kijana haisaidii sana, na ikimezwa nyingi ni hatari kwa moyo.

Hatua ya saba: kurudi shule

Hapa nafuu nyingi huvunjika. Binti wetu hakurudi siku ya kufungua. Mama alitangulia wiki moja kabla, akaongea na mwalimu wa darasa na matroni, wawili hao tu, si ofisi nzima. Hakusoma ripoti ya daktari. Aliomba mambo matatu: asiitwe kusoma kwa sauti bila kuambiwa siku moja kabla, hadi mwisho wa mwezi, ruhusa yake ya zahanati iandikwe saa na kipindi, ili kukwepa kwake kwa zamani kuonekane mapema, na apige simu nyumbani kila Jumatano. Mwalimu wa Kiingereza alikubali ngazi ya kwanza ya shuleni ifanyike ofisini kwake.

Wiki ya tatu baada ya kufungua hali ilishuka: siku nne hakula vizuri na alienda zahanati mara mbili kwenye kipindi kilekile. Matroni alipiga simu. Mama hakumfuata kumrudisha nyumbani. Aliongea na mshauri, wakarudi ngazi moja chini, kutoka kwenye kikundi hadi kwa mwalimu peke yake, na Jumatano iliyofuata binti alimwambia kwenye simu kwamba wenzake watatu wa bweni wamemwomba awasuke Jumamosi. Fomu ya wiki ya nane ilitoa 8, na swali la tisa 0. Dawa hakuhitaji. Vikao viliendelea mara moja kwa mwezi hadi baada ya mtihani wa Novemba, maana kipindi cha mtihani na cha matokeo ndivyo vinavyorudisha wengi chini, na daftari la mama lilifunguliwa tena wiki mbili kabla ya kila kimoja.

Kuhusu kaka yake, baba mkubwa alikuja, akasema aliyoyasema, akala, akaondoka. Kijana bado anabamiza mlango.